Oda ya Vipande 96: Kukuza Kipimo cha Keki ya Iliki Bila Kuiharibu

Mteja wa Ngamiani, hapa Tanga, anataka keki ya iliki ya kuwatosha watu 90 kwenye nikahi ya Ijumaa. Resipi iliyopo ni ya chombo kimoja cha duara cha sentimita 20, keki ya nyumbani ya kunywea chai. Wengi hapa huzidisha kila kitu kwa nane na kumwaga rojo kwenye trei kubwa, kisha hushangaa keki inapotoka imebonyea katikati, imeungua pembeni, na kungumanga inanuka kuliko iliki.

Unga, sukari, siagi, mayai, maziwa na chumvi huzidishwa kama vilivyo, mradi uzidishe kwa gramu. Mambo matatu hayaendi hivyo: beking pauda, viungo vya harufu na muda wa kuoka. Kila moja lina sababu yake, na mwongozo huu unafuata oda hii moja tangu hesabu hadi kukata, ili sababu hizo zionekane zinafanya nini ndani ya trei.

Anza na chombo

Kosa la kwanza ni kuuliza, "Watu wangapi?" halafu kuzidisha resipi kwa idadi hiyo. Swali la kwanza ni kipande kina ukubwa gani na chombo kina eneo gani. Kipande cha harusi cha kawaida ni mraba wa sentimita 5 kwa 5. Trei ya sentimita 40 kwa 30 inatoa safu 8 za vipande 6, yaani vipande 48. Trei mbili ni vipande 96: watu 90 wanapata, na sita vinabaki kwa ajili ya kipande kitakachovunjika na mtoto atakayerudi mara ya pili.

Sasa linganisha maeneo. Chombo cha duara cha sentimita 20 kina nusu kipenyo cha 10, kwa hiyo eneo lake ni 10 × 10 × 3.14, karibu sentimita za mraba 314. Trei ni 40 × 30, yaani 1,200. Gawanya 1,200 kwa 314, unapata 3.8. Trei moja inahitaji rojo la resipi moja mara 3.8 ili keki ibaki na kimo kilekile. Hesabu hii inafaa kufanywa hata kwa vyombo vya duara, maana macho hudanganya: chombo cha sentimita 40 kinaonekana mara mbili ya cha sentimita 20, lakini kinameza rojo mara nne.

Angalia pia kimo cha ukingo. Rojo la resipi hii likimwagwa hufika kama sentimita 3.5, na keki huumuka hadi karibu 6. Trei fupi za biskuti hazifai kabisa. Tafuta yenye ukingo wa sentimita 7. Kisha pima ndani ya oveni kwa futi ya fundi kabla ya kupokea pesa ya oda. Trei inatakiwa kuachiwa nafasi ya sentimita 3 hivi kila upande ili hewa ya moto ipite. Oveni nyingi ndogo za majumbani hazipokei trei ya 40. Zako zikiwa hivyo, tumia trei nne za 30 kwa 20. Kila moja inatoa vipande 24 na inachukua rojo la resipi mara 1.9.

Pima resipi ndogo kwa mizani kwanza

Resipi ya vikombe haikuzwi. Kikombe kilekile cha unga kinaweza kuwa na gramu 120 ukijaza kwa kijiko taratibu, au 150 ukichota moja kwa moja kutoka kwenye mfuko. Ukizidisha vikombe vya kuchota, unga unazidi kwa robo nzima na keki inakuwa kavu kama mkate wa juzi. Kwa hiyo pika keki ndogo mara moja huku kila kitu kikipita kwenye mizani, uandike. Resipi yetu, ikishapimwa, inasomeka hivi: unga gramu 250, sukari 200, siagi ya kupikia 200, mayai manne (gramu 200 bila maganda), maziwa mililita 120, beking pauda gramu 10, chumvi gramu 1.5, iliki ya unga gramu 3, kungumanga nusu gramu, na ganda la nje la chungwa moja lililokwaruzwa.

Mayai ndiyo yanayoamua kizidisho. Kwa trei mbili hesabu inatoa 7.6, ambayo ni mayai 30 na vipande vya yai. Shusha hadi 7.5 upate mayai 30 kamili, yaani trei moja ya mayai kutoka dukani. Kimo cha keki kinapungua kiasi ambacho hakuna atakayekiona, na wewe umeepuka kupima yai nusu. Mayai haya ni ya kisasa, ambayo bila ganda huwa kama gramu 50. Ya kienyeji ni madogo; yakiwa na gramu 35 kwa wastani, gramu 1,500 zinazohitajika ni mayai 43, si 30. Ukitumia 30 ya kienyeji, keki itakosa kitu cha kuishika na itabomoka mkononi.

Beking pauda: lini ipunguzwe, lini isipunguzwe

Hapa kuna ushauri mwingi wa nusunusu. Utasikia, "Ukizidisha resipi, punguza beking pauda." Si kweli kila mara. Kama unaoka keki nane ndogo kwenye vyombo nane vya sentimita 20, kila rojo linahitaji gesi ileile liliyohitaji jana, kwa hiyo gramu 10 mara 8 ni 80 na hupunguzi kitu. Kinacholazimisha kupunguza ni upana wa chombo, kusubiri kwa rojo, na udanganyifu wa vijiko.

Tuanze na upana. Beking pauda hutoa gesi mara ya kwanza inapolowa, na mara ya pili inapopata moto. Gesi hiyo huingia kwenye viputo vidogo vya hewa vilivyotokana na kupiga siagi na sukari, ikavikuza. Wakati huohuo mayai na unga vinaiva na kugeuka kuta ngumu zinazovishika viputo mahali pake. Keki nzuri ni ile ambayo gesi na kuta vinafika pamoja. Kwenye chombo cha sentimita 20 hakuna sehemu ya rojo iliyo mbali na ukingo kwa zaidi ya sentimita 10. Ukingo wenye moto unaivisha pembeni mapema, na rojo linapopanda linaushika ukingo huo kujiegemeza. Kwenye trei ya 40 kwa 30, katikati kuna sentimita 15 hadi ukingo wa karibu. Moto wa pembeni unafika pale umechelewa. Gesi imeshatoka yote, viputo vimekua, vimeungana, vingine vimepasuka, na kuta bado ni uji. Keki inapanda vizuri mbele ya macho yako dakika ya 30, kisha dakika ya 45 inashuka katikati.

Kwa hiyo unapunguza gesi ili isizitangulie kuta. Kwa trei ya ukubwa huu punguza kama asilimia 15. Kuzidisha moja kwa moja kungetoa gramu 75; tunatumia 64, yaani 32 kwa kila trei. Kwa trei za 30 kwa 20 punguza kidogo tu, kama asilimia 5, na kwa vyombo vya sentimita 20 usipunguze. Zaidi ya asilimia 20 hatushauri: keki inakuwa nzito, na tabaka la chini linabana kama ugali uliolala.

Vijiko navyo vina hesabu yake. Kijiko cha chai kilichopanguswa juu kwa kisu kina beking pauda karibu gramu 5. Kilichoachwa na kilima kinafika 7 au 8. Katika keki moja ni vijiko viwili, na vilima vinaongeza gramu 5, nusu ya kipimo kizima. Katika oda hii ingekuwa vijiko 15, na vilima vyake vinaleta karibu gramu 40 za ziada ambazo hukuzipanga. Hapo ndipo inapotoka ile ladha ya sabuni inayobaki kwenye ulimi. Ukikosa mizani ya gramu, kapimishe kwa muuza viungo, lakini usihesabu vijiko.

Kisha hali ya hewa ya Tanga. Unyevu wa pwani huingia kwenye kopo lililofunguliwa, na pauda hutoa gesi yake humohumo kabla hujaitumia. Siku moja kabla ya kuoka tia nusu kijiko kwenye robo kikombe cha maji ya moto. Ikichemka kwa kelele na povu, ni nzima. Ikitoa viputo vya uvivu, nunua kopo jipya. Usijaribu kufidia kwa kuongeza kipimo, kwa sababu hujui kilichobaki ni kiasi gani. Na kama resipi yako umeipata kwa ndugu wa Lushoto, kumbuka kule ni karibu mita 1,400 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, gesi hutanuka zaidi, na mpishi wa kule mara nyingi ameshapunguza pauda. Ukiipunguza tena huku ufukweni, utaoka tofali.

Viungo: pima nguvu yake, si wingi tu

Chumvi haina ubishi. Inazidishwa kwa gramu kama unga. Viungo vya harufu ni jambo jingine, ingawa kwa karatasi gramu 3 za iliki katika kilo moja ya rojo ni uwiano uleule katika kilo saba. Kinachobadilika ni kiasi kinachopotea. Harufu ya iliki na kungumanga ni mafuta mepesi yanayoruka na mvuke, na hutokea juu na pembeni, kule kunakokauka na kuwa ganda. Keki ndogo ina pembeni nyingi ukilinganisha na ndani yake. Trei kubwa ina ndani nyingi, inabaki na unyevu, na harufu inabaki nao. Tena keki ya oda huokwa jana yake, ikalala usiku mzima. Viungo vinaendelea kuenea, na kesho vinanukia kuliko vilipotoka motoni.

Viungo havifanani. Iliki ni mpole, ikizidi kidogo watu watasifu. Kungumanga na karafuu hazina msamaha: zikizidi, ulimi unapata ganzi na uchungu, na hakuna cha kurekebisha. Kwa hiyo tunapunguza kwa viwango tofauti. Iliki ingekuwa gramu 22.5, tunatia 18, yaani asilimia 80. Kungumanga ingekuwa karibu gramu 4, tunatia 2.5, kama theluthi mbili. Machungwa ya Muheza yangekuwa saba na nusu. Tunakwaruza sita, tukiishia kwenye rangi tu, kwa kuwa weupe wa chini yake ni mchungu.

Viwango hivyo ni vya kuanzia, kwa sababu iliki nayo haifanani. Iliki mpya ya milima ya Amani, iliyomenywa na kutwangwa asubuhi hiyohiyo pamoja na kijiko cha sukari, ina nguvu kuliko ya unga iliyokaa kwenye pakiti tangu Ramadhani iliyopita. Usichanganye hizo mbili kati ya jaribio na oda. Ukinunua soko la Mgandini, nunua ya kutosha yote mara moja, na kumbuka kupima punje zilizomenywa, maana maganda nayo yana uzito.

Jaribio lenyewe ni jepesi. Gawanya vipimo vipya kwa 7.5 uoke keki moja ndogo: iliki gramu 2.4, kungumanga theluthi moja ya gramu. Iache ilale usiku, uionje kesho yake, na mwonjeshe mteja. Akisema, "Mwanangu, iliki naisikia kwa mbali," unapandisha hadi asilimia 90. Lakini jaribio hili linakujibu kuhusu viungo peke yake. Halikwambii kitu kuhusu beking pauda, kwa sababu limeokwa kwenye chombo kidogo, na tatizo la gesi ni la chombo kikubwa.

Vipimo vya trei moja

Tengeneza rojo mara mbili, trei moja kwa wakati. Hata kama una besheni la kutosha kilo saba, unga mwingi unahitaji kugeuzwa muda mrefu ndipo uchanganyike, na kadiri unavyougeuza ndivyo gluteni inavyojenga nyuzi. Keki inatoka na mashimo marefu kama njia za mchwa na inatafunika kama mkate. Kwa kila trei:

- Unga wa ngano gramu 940
- Sukari gramu 750
- Siagi ya kupikia gramu 750
- Mayai 15 (gramu 750 bila maganda)
- Maziwa mililita 450
- Beking pauda gramu 32
- Chumvi gramu 6
- Iliki ya unga gramu 9
- Kungumanga gramu 1.25, zaidi kidogo ya nusu kijiko cha chai
- Maganda ya machungwa matatu

Jumla ni kama kilo 3.7 za rojo. Bakuli la mashine lisizidi nusu wakati wa kupiga siagi, la sivyo hewa haiingii. Mashine ndogo ya mkono na besheni pana vinafanya kazi hii vizuri kuliko mashine ya mezani iliyojazwa hadi shingoni.

1. Siku ya kuoka, chekecha unga, beking pauda, chumvi na viungo pamoja, mara mbili, kwa kila trei kwenye bakuli lake. Pauda isiyoenea huacha madoa ya manjano na sehemu zenye uchungu.

2. Paka trei siagi, tandika karatasi chini na pembeni. Loweka vipande virefu vya taulo kuukuu, vikamue, uvizungushe nje ya ukingo wa trei na kuvifunga kwa pini za chuma, visiguse moto. Ukingo unapata joto polepole, na pembeni haikimbii kuiva kabla ya katikati. Kwa trei kubwa hatua hii inasaidia sana kuzuia mlima na mpasuko.

3. Washa oveni nyuzi 165, ingawa keki ndogo uliioka kwa 180, na iache ipate moto dakika 20.

4. Piga siagi na sukari hadi iwe nyeupe na nyepesi, dakika 10 hadi 12. Katika joto la kaskazi, Desemba hadi Machi, siagi huyeyuka na kung'aa badala ya kupokea hewa. Ukiona inang'aa, kalisha besheni kwenye maji ya barafu kwa dakika chache kisha endelea.

5. Tia mayai matatu matatu, ukipiga kila mara hadi yapotee. Yakikatika kama maziwa yaliyoganda, tia vijiko viwili vya ule unga.

6. Tia unga kwa mafungu matatu, maziwa kwa mawili katikati yake, ukigeuza kwa mwiko mpana kutoka chini. Acha mililita 50 za maziwa mwisho. Zitie endapo tu rojo linaanguka kwa mabonge. Unga ukipotea, acha. Usiendelee kwa ajili ya uzuri.

7. Mimina, sawazisha, na sukuma rojo kidogo kuelekea kwenye pembe ili katikati iwe chini kidogo. Ingiza motoni ndani ya dakika 15 tangu unga ulowe.

Dakika hizo 15 ndizo zinazoharibu trei ya pili. Pauda ikishalowa imeanza kazi, na rojo likisubiri saa nzima nje, gesi ya mwanzo imetoroka. Kwa hiyo trei ya pili usiichanganye mapema. Anza kupiga siagi yake wakati ya kwanza imebakisha kama dakika 25.

Muda wa kuoka

Keki ndogo ilichukua dakika 40 hadi 45. Rojo sasa ni karibu mara nne kwenye trei, lakini muda hauwi saa tatu. Moto hausafiri kulingana na uzito. Unasafiri umbali kutoka juu na chini hadi kiini. Kimo kikiwa kilekile cha sentimita 3.5, umbali ni uleule, na kinachoongezeka ni kidogo: moto tumeushusha, trei ina taulo bichi, na kilo 3.7 za rojo zinaipoza oveni inapoingia. Tarajia dakika 50 hadi 60. Anza kuchungulia kwa kioo dakika ya 40, usifungue mlango kabla ya hapo. Hewa baridi ikiingia wakati kuta bado laini, keki inakaa.

Mambo hugeuka ukiongeza kimo. Mtu akimwaga rojo la trei mbili kwenye trei moja ndefu, kimo kinafika sentimita 7, na kwa hesabu ya joto peke yake muda wa kukifikia kiini unaweza kuongezeka hadi mara nne, si mbili. Oveni haifiki huko kwa kuwa moto unaingia pia pembeni, lakini nje itakuwa imekauka ganda nene wakati kiini bado ni uji. Mteja akitaka keki ndefu, oka mbili fupi uzibandike.

Keki imeiva kijiti kikitoka katikati na makombo makavu bila uji, ikianza kujitenga na ukingo, na ukiibonyeza kwa kidole ikirudi. Kwenye trei kubwa jaribu sehemu tatu: katikati kabisa, na nusu ya njia kuelekea pembe mbili. Kipimajoto cha jikoni kikisoma nyuzi 97 au 98 katikati, umemaliza ubishi.

Usiweke trei mbili pamoja kwenye oveni ya gesi yenye moto wa chini tu. Ya chini inaungua tako, ya juu inabaki imepauka, na ukizibadilisha katikati unafungua mlango wakati mbaya. Oka moja, kisha nyingine. Hesabu saa tatu na nusu kwa zote, na utikise mtungi wa gesi kabla ya kuanza. Gesi ikikata dakika ya 35 keki haiokolewi.

Kwa wanaooka kwa mkaa, trei ya ukubwa huu haifai kwenye sufuria. Tumia vyombo vya duara vya sentimita 20 hadi 25, mchanga mkavu chini ya sufuria, makaa machache chini na mengi ukiyapalia juu ya mfuniko, kama theluthi mbili juu. Hapo huna haja ya kupunguza beking pauda; shida yako ni kulinganisha moto kutoka keki ya kwanza hadi ya mwisho, kwani mkaa hupungua nguvu na ya nne huchukua muda mrefu kuliko ya kwanza.

Ukiona tatizo

Keki ikibonyea katikati na ndani ina mashimo makubwa, pauda ilizidi au mlango ulifunguliwa mapema. Ikibonyea lakini ndani kuna utepe mbichi uliobana, haikuiva tu. Ikipanda mlima na kupasuka juu huku pembeni kahawia nzito, moto ulikuwa mkali. Tabaka zito chini bila kubonyea ni rojo lililosubiri, au siagi iliyoyeyuka kabla ya kupokea hewa. Oda inayofuata rekebisha kitu kimoja kwa wakati, la sivyo hutajua kipi kilikuwa na kosa.

Kama oda ni ya maandazi

Hamira ni kiumbe hai, na sheria yake ni tofauti. Donge kubwa linatunza joto lake lenyewe na kuumuka haraka kuliko dogo, hasa katika joto la Tanga. Ukikanda kilo 6 badala ya kilo moja, tia hamira kama mara nne na nusu hadi tano, na uangalie donge badala ya saa: likiwa mara mbili ya ukubwa wake, kata. Ligawe katika mabakuli mawili au matatu, maana wakati unasukuma andazi la kwanza, la mwisho linaendelea kuumuka na linaweza kuchacha. Iliki ya maandazi hufuata kanuni ileile ya keki. Muda wa kukaanga haubadiliki kwa andazi moja, ila ukijaza karai mafuta yanapoa na andazi linayanywa.

Kupoza na kukata

Trei kubwa inapoa polepole. Iache ndani ya trei dakika 30, kisha igeuze juu ya ubao uliotandikwa karatasi, uigeuze tena kwa ubao wa pili ili uso uwe juu. Kuinyanyua kwa mikono kutaivunja. Usiifunike kabla haijapoa kabisa, saa tatu hivi, kwa sababu mvuke uliozuiliwa hulowesha uso na kualika ukungu katika unyevu wetu. Kata asubuhi ya oda, kwa kisu cha meno kilichofutwa kila mkato, ukitia alama kwa rula kila sentimita 5 kabla ya kugusa keki. Kipande cha pembe kina ukoko pande mbili. Trei mbili zina vinane vya aina hiyo, na hivyo ndivyo vya kuanzia unapotenga vile sita vya akiba.